Beti Saba kwa Dakika Tatu

Wifi yangu anauza dawa. Si daktari, ingawa mtaa mzima unamwita Daktari, naye amechoka kusahihisha. Anasimama nyuma ya dirisha la kioo kutwa nzima, anachukua cheti, anahesabu vidonge, halafu anaeleza. Na wifi yangu akieleza, ameeleza. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula, si kabla, na chakula maana yake chakula, si chai ya rangi. Anakuuliza umeelewa. Ukisema ndiyo, anakwambia urudie. Kwa kazi ile ni sifa, maana hajaua mtu hata mmoja.

Tabu ni kwamba wifi yangu huyohuyo anatunga mashairi, na mashairi nayo anayagawa kama dawa.

Kuna mgahawa ghorofani, juu ya duka la vyombo, ambako kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, viti vinageuzwa kutazama ukuta mmoja, maiki inasimamishwa, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha apande. Mwenye mgahawa ni mwalimu mstaafu. Shule aliiacha lakini kengele ya mkono aliondoka nayo. Sheria zake ni chache. Kila mtu dakika tatu, na dakika zinaanza kuhesabiwa ukifungua mdomo, si ukianza shairi. Zikifika mbili na nusu anagonga kengele mara moja, ujue unaelekea mlangoni. Zikifika tatu anagonga mara mbili na kuchomoa waya wa maiki kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu alishamchomolea dada yake wa tumbo moja, na wakaacha kusemeshana wiki mbili.

Miezi miwili nyuma wifi alipanda kwa mara ya kwanza. Nilikuwepo, mstari wa mbele. Akasalimia. Akashukuru wazazi, mume, na mwenye duka la dawa aliyemruhusu kufunga mapema. Akaeleza jinsi shairi lilivyomjia siku umeme umekatika. Akaeleza tarbia ni nini, kwamba kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, akatuhesabia kwa vidole. Akaanza kueleza ubeti wa kwanza utahusu nini, na wa pili, na kengele ikalia, yeye akadhani ni simu ya mtu. Akasema, "Sasa basi, shairi lenyewe." Maiki ikazimwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Si kwa ubaya, lakini aliyesimama pale mbele hajui ubaya na uzuri, anaona meno tu. Akashuka na daftari lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua.

Sasa niseme jambo ambalo sijivunii. Mimi ni msusi. Saluni yangu ina viti vitatu, draya mbili na benchi la wanaosubiri, na neno likiingia pale asubuhi, jioni liko stendi. Jumatatu yake mteja aliniuliza habari za mwisho wa wiki, nikamsimulia, na katika kunogesha nikamwita wifi "Bi Utangulizi". Ilinitoka tu. Benchi zima likaangua kicheko. Kufika Alhamisi, watu walikuwa wanakwenda duka la dawa kuangalia Bi Utangulizi ni yupi.

Yeye hakunisema kitu. Nikajipa moyo kwamba hajui limetokea wapi.

Kisha, wiki tatu kabla ya Jumamosi niliyokuja kuisimulia, akaingia saluni saa ya mchana, wakati hakuna mtu ila mama mmoja chini ya draya, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele na kuniambia kwamba atapanda tena mara moja. Akimaliza shairi mbele za watu, sawa, ataendelea kutunga. Akigongewa kengele tena, daftari lote analipeleka kwa muuza karanga akafungie karanga.

Nikacheka. Hakucheka.

"Wifi, sitanii," akasema. "Kurasa mia mbili na tisa. Nimeanza kutunga nikiwa darasa la sita. Siwezi kuendelea kuandikia droo."

Hapo nikajua hili si la benchi. Tena mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimelisukuma daftari hilo nusu ya njia kuelekea kwenye karanga. Nikaweka kitana chini, nikamwambia alete shairi tulione.

Akaleta matatu.

La kwanza liliitwa "Walimwengu", beti ishirini na nne, na ndilo alilolipenda kwa sababu lilimchukua mwaka. La pili lilikuwa la kumshukuru mama mkwe, yaani mama yangu, zuri sana, lakini mama yangu mwenyewe alilisikia nyumbani akauliza kama kuna mtu amekufa. La tatu lilikuwa la dirishani pale kazini kwake, watu wanavyokuja kunong'ona maradhi yao. Hilo alilitoa mwisho kabisa, kwa aibu kidogo, akisema ni la utani tu, aliandika akisubiri foleni ipungue.

Mimi sikusoma sana, lakini masikio ninayo. Nikamwambia asome yote kwa sauti, sisi tusikilize, na tusitazame daftari, kwa sababu wa pale ghorofani hawatakuwa na daftari. Anayesoma kitabu akipotea anarudi ukurasa wa nyuma. Anayesikiliza akipotea anaanza kutafuta mhudumu aagize soda.

Akasoma "Walimwengu". Beti mbili nzuri, ya tatu ikaja na maneno ya kizamani ambayo hata yeye aliyapata kwenye kamusi, na kufika ya saba mama wa chini ya draya alikuwa amelala. Kwa haki ya Mungu alikoroma. La mama mkwe tukaliheshimu, tukaliweka pembeni. Akaanza la dirishani:

*Wanakuja dirishani, wameficha nyuso zao,*
*Cheti kimo mfukoni, wapisha kwanza wenzao,*
*Sauti iko kooni, wananong'ona ya kwao,*
*Sema polepole ndugu, dawa haina haraka.*

Mama wa draya akafungua jicho. Ubeti wa pili akainua kofia ya draya ili asikie vizuri, rola zote hewani, nywele zikiwa nusu mbichi. Mtu akikatisha draya yake aliyoilipia, hapo huna haja ya kuuliza tena. Wifi alijaribu kulitetea lile la ishirini na nne, kwamba ndilo lenye uzito. Nikamwambia uzito auache dukani kwenye mizani, sisi tunatafuta watu wasiangalie simu.

Tukawa na shairi. Sasa likaja suala la mkasi.

La dirishani lilikuwa na beti kumi na moja. Nikaweka simu tupime muda. Akasoma kwa mwendo wake wa kawaida, dakika tatu na sekunde arobaini, na bado hajasema hata hamjambo. Akasema basi atasoma haraka. Nikamwambia asome haraka nimsikie, akasoma, na kwa hakika ilikuwa kama anayetangaza mnada wa mitumba. Mama wa draya akauliza kama yule dada ana deni na mtu. Likafa hilo la haraka.

Basi akataka kupunguza mshororo hapa, mshororo pale. Lakini hapo mwenyewe akajijibu. Tarbia ina miguu minne kama meza, ukitoa mmoja kila mtu anaona meza inayumba. Ama ubeti wote utoke, ama wote ubaki. Ilikuwa lazima beti nne zife.

Nimeona watu wakinyolewa nywele walizozifuga miaka kumi, lakini sijaona uchungu kama ule. Wa kwanza kutoka ulikuwa ule uliojaa majina ya dawa, ambao alijivunia kwa sababu majina yote yaliingia kwenye mizani. Nikamuuliza mtu asiyejua majina hayo ataelewa vipi. Akasema atayaeleza kwenye utangulizi. Akachukua kalamu. Akaupiga mstari mwenyewe. Hiyo ndiyo ikawa kanuni yetu: ubeti unaohitaji maelezo kabla haujasomwa, nje. Kwa kanuni hiyo ukatoka na mwingine. Wa tatu tukautoa kwa sababu ulisema yaleyale ya ubeti wa kwanza kwa maneno mengine, ukiwa umevaa tu nguo za Ijumaa. Wa nne ulitoka kwa bahati mbaya. Ulianza na "Yule niliyemtaja", na aliyemtaja alikuwa kwenye ubeti ambao tulishauua, kwa hiyo akabaki yatima, hana ndugu wala jamaa. Tuligundua siku ya tatu, wifi akisoma, akasimama katikati akauliza, "Nimemtaja nani?"

Zikabaki saba. Ule wa mzee mmoja anayekuja dirishani kuzungumza tu tukautoa kwenye nafasi ya nne tukaupeleka mwisho, maana ulikuwa ndio wenye moyo, na huwezi kumpa mtu moyo halafu ukamrudisha kwenye vichekesho. Na mmoja tulioubishania mpaka tukanuniana ulikuwa wa tano, unaomhusu kaka yangu.

Kaka yangu ni seremala. Kila jioni anakuja kumsubiri mke wake dukani, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango, na wagonjwa wanadhani ni wa foleni, wanamuuliza anaumwa nini. Wifi alimtungia ubeti. Mimi niliona haufai, si kwa ubaya, ila wageni hawamjui aliye kwenye ndoo. Yeye akasema ubeti huo hautoki. Na aliponiona nataka kuendelea, akaniambia nikiugusa naye atataja hadharani nilivyomchoma nywele bibi harusi mwaka ule. Ukabaki. Kibaya zaidi, kaka alikwishaambiwa. Akatangaza karakana nzima kwamba amewekwa kwenye shairi, ubeti wa tano, waje wamsikie.

Utangulizi tuliutengeneza kama mtu anavyonyoa karibu na sikio. Nilimuuliza ni kitu gani msikilizaji hawezi kukijua kutoka kwenye shairi lenyewe. Akafikiri. Akataja kumi. Tukapunguza, tukapunguza, vikabaki viwili: kwamba yeye anauza dawa, na kwamba mshororo wa mwisho wa kila ubeti ni kibwagizo, waupokee. Asieleze tarbia wala umeme. Asishukuru mtu, atashukuru akishuka, chini hakuna kengele. Akaandika sentensi nne kwenye karatasi, tukazipima, sekunde thelathini. Na beti saba, dakika mbili na sekunde ishirini. Jumla mbili na hamsini. Tulipiga mikono kama watu waliofunga goli.

Daftari nilimkataza kwenda nalo, kwa sababu mara ya kwanza alipekua kurasa kama anatafuta risiti. Akakata maboksi ya dawa, akapata kadi saba za ukubwa wa kiganja, kila ubeti na kadi yake, herufi kubwa. Mwenyewe alibuni hilo. Alisema kadi ngumu hazitetemeki hata mkono ukitetemeka.

Kazi yangu iliyobaki ilikuwa moja, na ndiyo niliyoiharibu.

Mimi sipendi chumba kitupu. Harusi ya watu kumi inaniuma. Nikasema wifi hatapanda mbele ya viti, na kwa wiki nzima kila aliyeketi kwenye kiti changu aliondoka na nywele mpya na mwaliko. Si hivyo tu, niliwafundisha kibwagizo. Nikisuka nasema, "Sema polepole ndugu," naye anaitikia, "dawa haina haraka." Kufika Ijumaa hata anayeleta maji alikuwa anakijua. Niliwaambia wakipokee kwa nguvu, tena mara mbilimbili, wifi apate moyo.

Jumamosi saa kumi kasorobo mgahawa ulijaa mpaka ngazini. Wanawake zaidi ya thelathini, vichwa vyote kazi ya mikono yangu, ungedhani ni maonyesho. Nyuma kabisa kaka na wenzake watatu wa karakana, shati jipya, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Mwalimu akaniuliza nimeleta msafara wa nani. Nikasema wa nyumbani. Akasema msafara au si msafara, dakika tatu.

Wifi alikuwa wa sita kwenye orodha. Aliketi pembeni yangu akizihesabu kadi zake. Alinikamata mkono mara moja, kiganja chake kilikuwa cha baridi kama chupa ya friji. Akaitwa. Watu wachache nyuma wakanong'ona lile jina, na kicheko kidogo kikapita chumbani. Akalisikia. Nililiona likimwingia.

Akasimama mbele ya maiki, akakitazama kile kikaratasi cha sentensi nne tulichokisumbukia siku tatu, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mimi ndiye Bi Utangulizi," akasema. "Aliyenipa jina hilo ameketi mstari wa mbele, na leo amenilipia soda."

Chumba kilipasuka. Mimi nilitafuta mahali pa kuficha uso nikakosa, maana kila mtu aliyenizunguka alikuwa mteja wangu. Kumbe alijua siku zote. Alijua alipoketi kwenye kiti cha kuoshea, alijua tulipopima muda, alijua na bado akanipa mkasi.

Aliposema tena alikuwa ametulia kama yuko nyuma ya kioo chake. Akasema anauza dawa, kibwagizo ni hiki, mkipokee. Basi. Akaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Alipofika kibwagizo, wanawake wangu thelathini wakakipokea kwa sauti ya kwaya ya pasaka, na walipomaliza wakakipokea tena, kama nilivyowafundisha. Vikombe viligongana mezani. Wifi akatabasamu. Mimi nikatabasamu. Kisha nikatazama saa ya ukutani, na tabasamu likanikauka usoni.

Tulipima muda saluni, yeye na mimi na mama wa draya. Hakuna aliyepokea kibwagizo. Hakuna aliyecheka. Dakika mbili na hamsini zile zilikuwa za shairi lisilo na watu.

Akaingia ubeti wa pili:

*Kila mtu ni jirani, anayeumwa si yeye,*
*Upele wa mapajani, kajikuna siyo yeye...*

Hakufika mbali. Kicheko kilianzia kwenye meza ya washonaji nguo kikaenda mpaka ngazini, na mwanamume mmoja karibu na dirisha akatoa mkono mfukoni haraka sana, jambo lililozidisha moto. Wifi alisubiri. Ndivyo tulivyokubaliana, watu wakicheka usiwasemee juu, subiri. Akasubiri sekunde nyingi, akamalizia:

*Mkono u mfukoni, na macho anikwepeye,*
*Sema polepole ndugu...*

Wakapokea mara mbili. Wengine mara tatu. Nikajaribu kuwageukia niwaonyeshe kwa mkono kwamba imetosha, wao wakadhani naongoza kwaya, wakaongeza sauti. Dada mmoja niliyemsuka asubuhi ile ile akasimama kabisa, akipiga makofi.

Ubeti wa tatu ukaenda hivyohivyo. Mwalimu nilikuwa namwona, saa ya mkononi ameivua ameiweka mezani, kengele ameishika ulimi isilie kabla ya wakati. Sauti za kibwagizo zilipokuwa zinatua, akaiachia. Mara moja.

Dakika mbili na nusu. Beti nne mkononi.

Wifi aliisikia. Safari hii hakudhani ni simu. Nilimwona anashusha macho kwenye kadi, na mimi nikawa namwambia kwa macho, soma haraka, kimbia, lakini nikakumbuka mnada wa mitumba nikajua akikimbia amekwisha. Kule nyuma kaka alikuwa amejinyoosha, amemshika mwenzake bega, kwa sababu bado ubeti mmoja tu wafike kwake.

Wifi akaitoa kadi ya juu akaiweka chini ya nyingine. Akatoa ya pili, ya tano ile, akaishika kitambo kidogo sana, kiasi cha mtu kuhesabu vidonge viwili. Akaiweka chini. Na ya sita. Ikabaki moja juu. Akausogelea mdomo wa maiki na kushusha sauti, na chumba chote, kwa kuwa alishusha, kikainama kumfuata.

*Yuko mmoja mzee, haumwi wala haponi,*
*Hutaka nimpokee, maneno yake kinywani,*
*Kidonge chake ni chee, mazungumzo thamani...*

Akaishia hapo. Akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki, akatutazama.

Kwanza hakuna aliyepokea. Nadhani kila mtu alikuwa na mzee wake. Halafu mmoja akaanza, si kwa sauti ya kwaya, na wengine wakamfuata chinichini, mara moja tu, bila kufundishwa na mtu: sema polepole ndugu, dawa haina haraka. Walikuwa kwenye neno la mwisho kengele ilipolia mara mbili.

Makofi nayaacha, msije mkasema nazidisha. Kilichofuata ndicho kilikuwa burudani. Mwalimu alisimama na waya mkononi, hajui achomoe au asichomoe. Akasema kwa kanuni mshororo wa mwisho haukusomwa na mshairi. Mshonaji mmoja akamjibu kwamba kwa kanuni hiyohiyo kengele iliililia hadhira, kwa hiyo aichomoe hadhira. Mwalimu akasema hadhira haina waya. Wakabishana kwa muda unaotosha mashairi mawili, mpaka wifi mwenyewe akasema kutoka pale alipokuwa, bila maiki, "Mwalimu, nimemaliza. Andika hivyo." Na Mwalimu, ambaye hajawahi kupokea amri ya mtu, akaandika.

Kabla ya kushuka wifi alipita mezani kwa Mwalimu, akaomba kalamu, akajiandikisha mwezi ujao. Nilichungulia. Kwenye nafasi ya jina la shairi aliacha wazi. Akaniambia bado hajachagua, na safari hii atapima muda mbele ya watu wenye midomo, si mbele ya draya.

Nilimwambia samahani kwa lile jina. Sikusema vizuri, nilijikanyagakanyaga. Akanijibu kwamba samahani yangu ina utangulizi mrefu, na kwamba nitamsuka bure mpaka mwaka uishe. Nikajua nimesamehewa, na pia nimekamatwa.

Kaka alitusubiri chini ya ngazi. Wenzake watatu walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanacheka wakijifanya wanatazama sufuria za dukani. Mmoja akamwita wifi, "Shemeji, ubeti wa seremala umeliwa na mchwa?" Kaka hakugeuka. Shati lake jipya lilikuwa limelowa mgongoni.

"Watu wote hawa nimewaleta," akamwambia mke wake. "Ukamchagua mzee."

Nilidhani atajitetea kwa kengele, na angekuwa na haki. Hakuitaja kabisa kengele.

"Ule wa kwako niliushika mkononi," akasema. "Nikawatazama. Nikaona hauwahusu."

Kaka hakujua ameinuliwa au ameshushwa. Akachukua mkoba wa mkewe bila kuambiwa, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, mimi hatua mbili nyuma kama kawaida yangu, masikio yamesimama. Kwenye kona ya duka la vioo wifi akaingiza mkono mkobani, akatoa zile kadi, akachagua moja. Hakuwa na haja ya kuisoma, aliishika tu. Akamsogelea kaka begani, akaanza kuusema ubeti wa tano, taratibu, kwa sauti ya nyumbani.

Nami nikasimama. Kamba ya kiatu changu ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, lakini niliinama, nikaifungua, nikaifunga upya, nikaifungua tena, mpaka walipovuka barabara na magari yakapita katikati yetu. Jumatatu benchi zima lilinidai ubeti ule. Niliwaambia sikuusikia, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.